Kwa Nini Dhahabu Ilipanda Kabla ya Bei, na Ikashuka Bei Zilipopanda

Tarehe 10 Novemba 2021, saa kumi na nusu alasiri kwa saa za kwetu, Marekani ilitangaza takwimu za mfumuko wa bei wa mwezi wa Oktoba. Bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 6.2 ndani ya mwaka mmoja, kiwango ambacho Wamarekani walikuwa hawajakiona kwa miaka 30 hivi. Wachambuzi walikuwa wametarajia kiwango kisichofika asilimia 6. Dhahabu ikapanda papo hapo, kutoka kama dola 1,830 kwa wakia hadi kuvuka 1,850.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile na saa ile ile, yaani 10 Novemba 2022, zikatoka takwimu nyengine za Oktoba. Safari hii mfumuko ulikuwa asilimia 7.7, wakati wachambuzi walitarajia karibu asilimia 8. Yaani kasi ya bei ilikuwa imepungua kuliko watu walivyodhani. Dhahabu ikapanda tena, na kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza: kutoka kama dola 1,705 hadi karibu 1,755.

Mara ya kwanza dhahabu ilipanda kwa sababu mfumuko ulikuwa mkubwa kuliko ilivyotarajiwa. Mara ya pili ilipanda kwa sababu mfumuko ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba bei zikipanda na dhahabu hupanda hawezi kuzieleza siku hizi mbili kwa pamoja. Mimi hufundisha uchumi skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na siku hizi mbili ndizo ninazozitumia kila ninapotaka kueleza tofauti baina ya mfumuko wa bei ambao watu wanautarajia na ule ambao umeshafika sokoni. Kwa dhahabu, hivyo ni vitu viwili mbali mbali, na mara nyengine vinavutana.

Suala hili kwetu si la wawekezaji wa mbali. Pemba na Unguja dhahabu ni akiba ya wanawake. Bangili anazovishwa bibi harusi, mkufu unaonunuliwa karafuu zikishauzwa, pete inayotolewa kabatini mtoto anapotakiwa ada ya chuo: hiyo ndiyo benki ya nyumba nyingi. Mwaka 2022 unga, mafuta ya kula na petroli vilipanda kila mtu akaona. Shangazi yangu akachukua bangili zake kwenda kwa sonara akiwa na yakini kwamba atapata bei nzuri, kwa vile kila kitu kimepanda. Akatajiwa bei ya chini kuliko aliyotajiwa jirani yake mwaka uliopita. Akarudi akiamini kwamba ameonewa.

Hakuonewa, na hesabu yake ni nyepesi. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Katikati ya Novemba 2021 wakia ilikuwa kama dola 1,860, kwa hiyo gramu moja ya dhahabu safi ilikuwa karibu dola 59.8. Karati 21 ni sehemu 21 kati ya 24, yaani asilimia 87.5, kwa hiyo gramu yake ilikuwa dola 52.3. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300, na gramu ikawa karibu shilingi 120,000 kabla ya ujira wa sonara. Mwanzoni mwa Novemba 2022 wakia ilikuwa imeshuka hadi kama dola 1,640, na dola ilikuwa karibu shilingi 2,330. Ukipita njia ile ile utapata kama shilingi 107,500 kwa gramu. Katika mwaka ambao bei za vyakula zilipanda dunia nzima, gramu ya dhahabu ilipoteza zaidi ya shilingi 12,000.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kuanza na sifa moja ya dhahabu ambayo ni rahisi kuisahau: haizai. Ukiiweka kabatini miaka 10, utaikuta ile ile, uzito ule ule. Mwenye fedha nyingi duniani, kama mfuko wa pensheni au benki kubwa, ana njia nyengine ya kuhifadhi mali yake bila ya hatari kubwa, nayo ni hati fungani ya serikali ya Marekani, yaani karatasi ya kuikopesha serikali hiyo, ambayo inalipa riba. Kila siku mtu huyo anapima: nikae na dhahabu isiyozaa, au nikae na hati fungani inayozaa? Jibu lake linategemea hati fungani itamwachia nini baada ya mfumuko wa bei kula sehemu yake. Hicho kinachobaki ndicho kinachoitwa riba halisi.

Tuseme hati fungani ya miaka 10 inalipa asilimia 4 kwa mwaka, na watu wanatarajia bei zipande asilimia 2 kila mwaka katika miaka hiyo 10. Riba halisi ni asilimia 2, na aliyeshika dhahabu anaikosa faida hiyo. Lakini kama watu wanatarajia bei zipande asilimia 5, basi mwenye hati fungani anapoteza asilimia 1 kila mwaka. Hapo dhahabu isiyozaa kitu inakuwa bora kuliko karatasi inayokula mtaji, na watu wanaikimbilia.

Hesabu hii haina nafasi ya mfumuko wa mwaka uliopita. Hati fungani ninayoinunua leo haijali mchele uliuzwaje mwaka jana. Hasara ile imeshampata aliyekuwa na fedha wakati ule. Inajali bei zitakavyokwenda kuanzia leo mpaka siku nitakayolipwa. Ndiyo maana matarajio ya mfumuko yanaingia moja kwa moja kwenye bei ya dhahabu. Mfumuko uliokwisha kutangazwa unaingia kwa mlango wa pembeni tu: pale unapobadilisha matarajio ya watu, na pale unapoilazimisha benki kuu kupandisha riba. Milango hii miwili inaelekea pande tofauti. Matarajio yakipanda peke yake, riba halisi inashuka na dhahabu inapanda. Benki kuu ikipandisha riba, riba halisi inapanda na dhahabu inashuka.

Kila mwaka tunaliona jambo la namna hii hapa kwetu. Bei ya tende na ya unga wa ngano huanza kupanda Shaaban, kabla hata ya mwezi kuandama, kwa sababu kila mfanyabiashara anajua Ramadhani inakuja. Anayengoja ashuhudie kwa macho yake watu wakinunua kwa wingi ndipo aweke mzigo, huuweka kwa bei ya juu kabisa.

Mwaka 2020 ndio mfano safi kuliko yote ninayoijua. Mwezi wa Machi, korona ilipozitikisa nchi, soko la hati fungani za Marekani lilikuwa linaashiria mfumuko wa nusu asilimia tu kwa mwaka katika miaka 10 ijayo. Dhahabu ilikuwa kama dola 1,470. Benki Kuu ya Marekani ikashusha riba yake hadi karibu na sifuri na kuanza kununua hati fungani kwa matrilioni ya dola, na serikali ikagawa fedha majumbani. Taratibu watu wakaanza kuamini kwamba fedha zote hizo hatimaye zitapandisha bei. Kufikia mwanzoni mwa Agosti matarajio yalikuwa yamerudi juu ya asilimia 1.6, na huku riba ya hati fungani ya miaka 10 imebanwa kwenye nusu asilimia hivi. Toa moja kwa nyengine: riba halisi ilikuwa chini ya sifuri kwa zaidi ya asilimia 1. Tarehe 6 Agosti 2020 dhahabu ilikuwa imevuka dola 2,060, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia kabla.

Na mfumuko wenyewe, ule unaopimwa madukani? Mwezi wa Julai 2020 ulikuwa asilimia 1.0 Marekani. Kwa jumla bei zilikuwa hazijapanda sana. Dhahabu ilipanda kwa dola 600 hivi kwa sababu ya mfumuko ambao ulikuwa bado uko vichwani mwa watu.

Kisha mfumuko wenyewe ukaja. Mwaka 2021 ulianza Marekani ikiwa na mfumuko wa asilimia 1.4 na ukamalizika na asilimia 7.0. Aliyenunua dhahabu mwanzoni mwa mwaka huo ili ajikinge na bei alikuwa sahihi kabisa kuhusu bei, na bado mwaka ulimalizika dhahabu yake imeshuka kidogo. Juni 2022 mfumuko ukafika asilimia 9.1, na kuanzia hapo hadi Novemba dhahabu ikazidi kuteremka.

Sababu inaonekana ukiyaweka pamoja mambo matatu ya Novemba 2021 na ya mwisho wa Oktoba 2022. Mfumuko uliopimwa ulitoka asilimia 6.2 ukaishia 7.7, baada ya kupita kilele cha 9.1. Matarajio ya miaka 10, kwa kipimo cha soko, yalitoka karibu asilimia 2.7 hadi karibu 2.5, yaani hayakupanda, yalipungua kidogo. Na riba ya hati fungani ya miaka 10 ilitoka kama asilimia 1.6 hadi kama 4.1. Riba halisi basi ilitoka chini ya sifuri kwa asilimia 1.1 hadi juu ya sifuri kwa asilimia 1.6. Hilo ndilo lililoipiga dhahabu, na ndilo lililokuwa ndani ya bei aliyotajiwa shangazi yangu. Watu waliamini kwamba bei zitatulia, kwa sababu Benki Kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba kila mkutano kuanzia Machi 2022. Mfumuko ulikuwapo mezani, lakini imani kwamba utadumu haikuwapo.

Sasa turudi kwenye zile siku mbili. Novemba 2021 riba ya benki kuu ilikuwa bado karibu na sifuri, na benki yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imetangaza kupunguza manunuzi yake ya hati fungani. Soko liliposikia asilimia 6.2, likasema: bei zinakimbia na wenye dawa bado wamekaa. Riba ya hati fungani ilipanda siku hiyo, lakini matarajio ya mfumuko nayo yakapanda, na riba halisi ikabaki karibu na sakafu yake. Takwimu ya juu ilisomwa kama habari ya mfumuko wa kesho.

Novemba 2022 benki kuu ilikuwa imeshafikisha riba yake asilimia 3.75 hadi 4.00, na kila mtu alikuwa anauliza itaishia wapi. Asilimia 7.7 ilisomwa kama habari ya riba: pengine hawatalazimika kuipandisha sana tena. Riba ya hati fungani ya miaka 10 ikaanguka siku hiyo hiyo kutoka karibu asilimia 4.1 hadi 3.8, ambayo ni mruko mkubwa kwa siku moja. Matarajio ya mfumuko hayakuondoka sana mahali pake, kwa hiyo anguko hilo karibu lote likaingia kwenye riba halisi. Dhahabu ikapumua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza takwimu kubwa ya mfumuko itaifanya nini dhahabu, na mimi namuuliza kwanza: benki kuu iko wapi? Kama imelala, takwimu kubwa huiinua dhahabu. Kama imeamka na watu wanaiamini, takwimu kubwa huishusha.

Hili si jipya la zama zetu. Tarehe 21 Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia, baada ya miaka ya Wamarekani kupoteza imani kwamba kuna mtu atakayezizuia bei. Mfumuko wenyewe ulikuwa bado haujafika kileleni. Ulifika karibu asilimia 15 miezi michache baadaye. Lakini Paul Volcker, aliyeshika benki kuu Agosti 1979, alikuwa ameshaanza kuibana fedha, na katikati ya Machi 1980 dhahabu ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 500. Aliyengoja mfumuko ufike juu ndipo anunue, alinunua kutoka kwa watu waliokuwa wanauza.

Kuna jambo linaloniuma katika haya yote, nami nitalisema. Wengi wetu hapa visiwani hatugusi riba, kwa dini. Mama anaweka dhahabu khasa kwa sababu ni mali halali, isiyo na shaka, anayoishika mkononi. Lakini bei ya dhahabu hiyo kwa sehemu kubwa inapangwa na watu wanaoipima kwa riba kila dakika. Hajaingia kwenye riba, na riba imeingia kwenye thamani ya akiba yake. Hilo haliiharamishi dhahabu yake, na wala simwambii mtu aache kuiweka. Namwambia ajue upepo unatokea upande gani, ili asiuze wiki mbaya kwa kudhani kwamba bei ya unga ndiyo itakayomnyanyua.

Kuutazama upepo huo ni bure, na simu inatosha. Tawi la benki kuu ya Marekani la St. Louis lina tovuti ya takwimu inayoitwa FRED. Ukiandika `DGS10` unapata riba ya hati fungani ya kawaida ya miaka 10. Ukiandika `DFII10` unapata ya hati fungani ambayo malipo yake hufuata mfumuko wa bei. Hiyo ndiyo riba halisi. Ukiandika `T10YIE` unapata pengo baina yao, nalo ndilo matarajio ya mfumuko kwa kipimo cha soko:

```
T10YIE = DGS10 - DFII10
```

Wanafunzi wangu huwaambia waiangalie `DFII10` kwanza. `T10YIE` peke yake inadanganya. Ikipanda pamoja na `DGS10` kwa kiasi kile kile, riba halisi haikusogea, na dhahabu haina sababu ya kusogea kwa njia hii.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Machi 2020, pengo lilipoanguka hadi nusu asilimia, sehemu ya anguko hilo haikuwa imani ya watu kuhusu bei. Watu walikuwa wanatafuta fedha taslimu kwa pupa, wakauza walichoweza, na zile hati fungani zinazofuata mfumuko ni ngumu kuziuza haraka, kwa hiyo bei zake zikaporomoka na riba halisi ikaonekana imeruka. Dhahabu nayo iliuzwa wiki hizo hizo kwa sababu hiyo hiyo. Ishara ya hali kama hii ni pale hisa, dhahabu na hati fungani vinapoanguka vyote siku moja. Siku hiyo usisome chochote kuhusu mfumuko.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi, na umekuja baada ya 2022. Februari mwaka huo Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi za Magharibi zilizuia akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu ya Urusi. Benki kuu nyengine zikaona kwamba akiba ya dola inaweza kufungwa, na dhahabu iliyo ndani ya ghala lako mwenyewe haifungiki. Mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Mnunuzi huyu hapimi riba halisi. Ndiyo maana riba halisi ilikaa karibu na asilimia 2 wakati dhahabu inavuka dola 2,400 mwaka 2024 na dola 3,000 Machi 2025. Kwa hesabu ya zamani ilipaswa kuwa chini sana. Mabadiliko ya siku hadi siku, kama yale ya siku ya takwimu, bado yanafuata riba halisi kwa kiasi kikubwa. Kiwango chenyewe kimenyanyuliwa na mkono mwengine, na anayesema dhahabu ya 2025 ni mfumuko wa bei tu anakosea.

Limebaki swali la mfumuko wa hapa hapa nyumbani, ule ambao Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hututangazia kila mwezi. Huo hauigusi bei ya wakia hata kidogo. Soko la dhahabu la dunia halijui bei ya samaki Darajani wala ya sukari Wete. Kwenye bei ya sonara unaingia kwa njia moja tu, nayo ni thamani ya shilingi mbele ya dola, na shilingi ina mambo yake. Mwisho wa Oktoba 2024 dola ilikuwa kama shilingi 2,720 na wakia karibu dola 2,740. Gramu ya karati 21 kabla ya ujira ikawa karibu shilingi 210,000. Mwisho wa Disemba shilingi ilikuwa imepata nguvu hadi kama 2,420 kwa dola, na wakia imeshuka hadi kama dola 2,610. Gramu ile ile ikawa karibu shilingi 178,000. Anguko la bei ya dunia lilikuwa chini ya asilimia 5. Mwenye bangili Pemba alipoteza asilimia 15, na zaidi ya theluthi mbili za hasara yake zilitokana na shilingi.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi kama ni wakati wa kuuza, naandika mambo matatu kwenye karatasi: wakia kwa dola, dola kwa shilingi, na riba halisi ya leo na ya mwezi uliopita. Kisha namwambia muulizaji amuulize sonara atakata kiasi gani anaponunua dhahabu iliyotumika, maana ujira wa kutengeneza haurudi, na mruko wa asilimia 2 au 3 wa siku ya takwimu mara nyingi humezwa wote hapo.